Swali la pilau ya harusi: wali, nyama au saa? Kundi letu limegawika

#1 bintiWete

Assalaam alaykum wanajamvi. Tunajisomea mtihani wa usalama wa chakula, kozi ya afya ya mazingira, na kuna swali la miaka ya nyuma limetugawa tangu jana usiku. Karatasi haina majibu. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, ila nalitia kwa Kiswahili ili na wengine wachangie:

> Pilau ya nyama ya ng'ombe ilipikwa Ijumaa katika jungu moja kubwa. Iliiva saa 4 usiku, ikafunikwa na kuachwa jikoni. Jumamosi saa 6 mchana ilipashwa moto kidogo, ikaliwa saa 7. Kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri wageni wengi walikatwa na tumbo na kuharisha maji. Waliotapika ni wachache sana, na hakuna aliyepata homa. Wote walipona ndani ya siku moja. Kimelea kinachoshukiwa zaidi ni:
> A. Salmonela
> B. Stafilokokasi
> C. Basilasi seriasi
> D. Klostridiamu pafrinjensi

Nusu yetu wanasema basilasi kwa sababu chakula ni wali, na kitabu chochote ukifungua, wali uliolala huandikiwa basilasi. Nusu wanasema pafrinjensi kwa sababu ya nyama. Mie niko na wa basilasi lakini moyo haujatulia. Halafu swali linalofuata ni la pilau hiyo hiyo:

> Hatua ipi ingezuia zaidi tukio hili?
> A. Wapishi kunawa mikono kabla ya kupika
> B. Kupasha moto pilau yote hadi nyuzi 75 kabla ya kupakua
> C. Kuigawa pilau kwenye masinia ya kina kifupi na kuipooza haraka baada ya kuiva
> D. Kutumia vibao tofauti vya nyama mbichi na mboga

Naomba sababu, si herufi tu.

#2 Mtoto_wa_Darajani

C na C. Pilau ni wali, wali ni basilasi. Mengine yote mapambo.

#3 kipimajoto_mfukoni

Wa alaykumu salaam binti yangu. Nimestaafu kazi ya ubwana afya lakini maswali haya bado yananiwasha.

Swali la namna hii chakula kisome mwisho. Anza na saa. Wamekula saa 7 mchana. Wa mwanzo kuumwa ni saa 3 usiku, hapo zimepita saa 8. Wa mwisho ni saa 11 alfajiri, zimepita 16. Iandike pembeni ya karatasi: 8 hadi 16. Na kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza, kuweni macho na kubadilisha saa. Nimeona vijana wanatoa saa yetu kwenye saa ya Kizungu wanapata masaa ya ajabu.

Sasa zitazame hizo herufi. Basilasi iliyoupa wali jina ni ile ya kutapisha. Ile humwaga sumu yake ndani ya chakula kikiwa bado jikoni, kwa hiyo mtu anameza sumu iliyokwisha kutengenezwa. Haihitaji kusubiri. Nusu saa hadi saa 6 mtu anatapika. Ingekuwa hiyo, watu wangeanza kutapika kabla ya alasiri, wengine wakiwa bado ukumbini, na tungesikia habari ya matapishi, si ya kuharisha. Stafilokokasi ni vivyo hivyo, sumu iko tayari kwenye chakula, saa 1 hadi 6, kutapika ndiko kunakotangulia.

Salmonela kwa kawaida inachukua saa 12 hadi 36, inakuja na homa, na mtu anaugua siku kadhaa. Hapa homa hakuna na wamepona siku moja.

Imebaki pafrinjensi. Ile unaimeza ikiwa hai, nyingi mno, inafika utumbo mwembamba, inajigeuza spora, na katika kujigeuza huko ndiyo inatoa sumu. Safari hiyo ndiyo inayokula saa 8 hadi 16. Tumbo linakata, mtu anaharisha, hatapiki sana, homa hakuna, siku moja limekwisha. Jibu D.

#4 Mtoto_wa_Darajani

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umeruka. Basilasi ziko aina mbili. Ipo ya kutapisha na ipo ya kuharisha, na hiyo ya kuharisha ni saa 8 hadi 16 vile vile. Swali halikusema basilasi ipi. Kwa hiyo C yangu bado inapumua.

#5 kipimajoto_mfukoni

Marahaba. Kumbe umesoma, ulikuwa unajificha tu.

Ni kweli. Basilasi ya kuharisha na pafrinjensi kwa dalili ni mapacha, daktari aliyesimama kitandani hawezi kuzitenganisha. Saa zile zile, tumbo lile lile, kupona kule kule. Nayo hutengeneza sumu ndani ya utumbo, ndiyo maana. Kwa hiyo aliyetunga swali hili ameacha mlango wazi.

Lakini tazama alivyolijaza. Ameitaja nyama ya ng'ombe. Amesema jungu moja, kubwa. Amesema lilifunikwa. Amesema lilipashwa moto kidogo. Hizo ni alama za pafrinjensi moja baada ya nyingine: nyama, wingi, kupoa polepole mahali pasipo na hewa nyingi, kisha moto usiofika. Neno pilau kalitia makusudi ili anayekariri aende kwenye wali. Swali linasema "kinachoshukiwa zaidi", si "kilichothibitishwa". Kwenye mtihani ningeweka D bila kusita. Kwenye ripoti ya kazi ningeandika kwamba pafrinjensi inashukiwa, na basilasi haijaondolewa.

#6 maabara_Chake

Niongeze upande wa maabara, maana hapa ndipo mapacha wanapotengana.

Watu hudhani ukiotesha choo cha mgonjwa ukaikuta pafrinjensi umemaliza. Hujamaliza. Watu wazima wengi wanaishi nayo tumboni na hawaumwi kitu. Kinachosema ni wingi. Kwenye choo cha mgonjwa tunatafuta spora kuanzia milioni moja kwa gramu, tena kwa wagonjwa zaidi ya mmoja, na choo kichukuliwe ndani ya siku mbili tangu aanze kuumwa. Kwenye chakula kilichobaki tunatafuta laki moja kwa gramu au zaidi. Hapo unaweza kusema.

Kosa la kawaida ni sampuli. Afisa anakuta kiporo kidogo, anakitia kwenye friza kisiharibike, anatuletea siku ya pili kimekuwa jiwe. Pafrinjensi hai zinakufa sana kwa kugandishwa. Tunahesabu, tunapata chache, tunaandika haikuonekana, kumbe ilikuwa imejaa. Kiporo kiwekwe kwenye deli lenye barafu, kiwe baridi, kisigande, na kije siku hiyo hiyo.

Hapo tunazungumza kama kiporo kipo. Harusini mara nyingi ukifika jungu limeshasuguliwa kwa mchanga linang'aa.

#7 BiMpishi_wa_Shughuli

Samahanini, mie si mwanafunzi, mpwa wangu ndiye aliyeniletea uzi huu. Nimepika pilau za shughuli Mkoani mpaka Konde, na toka enzi za bibi zetu pilau ya mchana inapikwa usiku. Ukishakausha maji unapunguza moto chini, unapalia makaa juu ya mfuniko, asubuhi unafunua bado inafuka. Watu wanakula, wanaondoka na vifurushi, na hakuna aliyekuja kugonga mlango wangu. Sasa mnaposema pilau iliyolala ni sumu mnatuvunjia kazi. Hebu nielezeni, mbona yangu haiwaumizi watu?

#8 kipimajoto_mfukoni

Bi mkubwa, pilau yako haijalala. Ya kwenye swali ndiyo iliyolala. Umeuliza jambo la maana kuliko sote, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Kwenye nyama na viungo vibichi kuna spora. Ni kama mbegu ngumu, moto wa kupikia unaua vimelea lakini spora zinabaki, na moto ule ule unazishtua ziamke. Pilau ikiwa juu ya nyuzi 60 haziwezi kuzaliana, zinangojea tu. Makaa yako ya juu na ya chini yakidumu mpaka asubuhi, jungu zima liko juu ya 60 na spora zimengojea bure. Ndiyo maana hakuna aliyekugongea.

Kwenye swali jungu liliepuliwa saa 4 usiku, likafunikwa, basi. Nimewahi kutia kipimajoto asubuhi kwenye jungu la namna hiyo, limekaa usiku kucha bila makaa. Ubavuni mwa jungu palisoma nyuzi 38. Ukiingia nusu ya njia kuelekea kati, 46. Katikati penyewe 58. Mpishi alikuwa anaweka kiganja juu ya mfuniko ananiambia "bado ya moto hii", na hakusema uongo, kati ilikuwa ya moto. Tatizo ni ule mviringo wa 46. Pafrinjensi raha yake ni nyuzi 43 hadi 47. Na jungu kubwa halishuki kwa haraka, mviringo huo unahama taratibu kutoka ubavuni kwenda kati, kila tabaka la pilau linapata zamu yake ya kukaa kwenye joto hilo.

Sasa hesabu, kwa sababu wanafunzi wapo. Kwenye joto hilo kimelea kimoja kinakuwa viwili kila dakika 10 hivi. Saa moja ni mara 64. Tuseme kwenye gramu moja ya nyama zimeamka 10 tu. Baada ya saa moja ni 640. Baada ya saa mbili ni 40,960. Baada ya saa tatu ni 2,621,440. Kwenye chakula halisi mambo huenda taratibu zaidi, na spora zinahitaji muda wa kuzinduka, kwa hiyo zidisha muda huo mara mbili ukitaka. Bado usiku ni mrefu kuliko hesabu yako. Sahani moja ya pilau yenye milioni kwa gramu inatosha kumlaza mtu mzima.

Na haibadiliki harufu wala ladha. Ukiinusa ni pilau nzuri kabisa.

Swali langu kwako: makaa yakizimika saa 8 usiku na mpishi amelala, unajuaje?

#9 BiMpishi_wa_Shughuli

Hapo umenishika. Mara nyingine tunaamka yamekuwa jivu. Tunachofanya tunatia makaa mapya alfajiri, inachemka tena.

#10 kipimajoto_mfukoni

Inachemka chini, Bi. Juu na kati je?

#11 Mtoto_wa_Darajani

Basi swali la pili jibu ni B. Kama tatizo ni vimelea hai, pasha moto mpaka 75 vife, watu wale. Nabadili kura, sasa D na B.

#12 Mbweni_mwaka_wa_pili

B haiwezi kuwa. Tumefundishwa kwamba sumu ya wali uliolala haifi kwa moto. Ukipasha unaua kimelea, sumu inabaki. Kwa hiyo kupasha moto kamwe si hatua ya kuzuia, na jibu la maswali yote ya aina hii ni kupooza haraka. Andika C uende.

#13 kipimajoto_mfukoni

Mbweni, herufi yako huenda ikawa sawa lakini sababu yako ni ya swali lingine.

Sumu isiyokufa kwa moto ni ya basilasi ya kutapisha. Ile hata nyuzi 121 kwa saa moja na nusu haiivunji, jiko la nani litafika huko? Ya stafilokokasi nayo inastahimili kuchemshwa. Kwa hizo mbili kupasha moto ni kujidanganya. Pafrinjensi si hivyo. Sumu yake inatengenezwa tumboni, na inatengenezwa na vimelea hai ulivyovimeza. Ukiviua kabla ya kumeza, hakuna wa kuitengeneza. Kwa hiyo pilau hii hii, kama kweli kila punje na kila kipande cha nyama kingefika 75, watu wangelala salama. Kijana wa Darajani ana hoja.

Mie bado ningechagua C, kwa sababu mbili. Moja, C inazuia zote, pafrinjensi na basilasi za aina zote mbili, na kama tulivyokubaliana swali halikufunga mlango wa basilasi. Pili ni hiyo habari ya "pilau yote". Bi Mpishi atuambie kama inawezekana.

#14 BiMpishi_wa_Shughuli

Haiwezekani. Pilau iliyokauka ukiipasha kwenye jungu kubwa, chini inashika ukoko, inaungua, kati imekuwa vuguvugu. Ukikoroga wali unavunjika unakuwa bokoboko, na nyama inachambuka. Watu watasema umepika uji. Kinachowezekana ni kupakua kwenye sufuria ndogo ndogo, kunyunyiza supu, kufunika, moto mdogo, kila moja peke yake. Kwa shughuli ya watu wengi hapo unahitaji majiko mengi na watu wa kuyaangalia. Hakuna mwenye harusi atakayelipia hayo.

#15 maabara_Chake

Mie nitakuwa upande wa B, ndugu zangu. Swali linasema "tukio hili", na tukio hili lina neno "ilipashwa moto kidogo". Mtungaji kaliweka neno hilo liwe na kazi. Ugumu wa kupasha jungu zima ni ugumu wa jikoni, lakini swali limesema hadi 75, yote. Ukilichukua kama lilivyoandikwa, B inazuia.

#16 kipimajoto_mfukoni

Na mtungaji huyo huyo kaandika "zaidi". Hapo hatutakubaliana, acha tu. Binti Wete, mpelekeeni mwalimu wenu na hoja zote mbili.

#17 ngalawa_ya_mchana

Nimesoma haraka haraka, lakini hii si ndiyo iliyonipata mimi? Nilikula jodari wa kukaanga sehemu fulani, sikumaliza hata nusu saa uso ukaniwaka, mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unadunda, nikawashwa mwili. Nilikula wali pia. Nikaambiwa nina aleji ya samaki, lakini samaki nakula kila siku. Ni basilasi au pafrinjensi?

#18 maabara_Chake

Si hii wala ile, kaka. Nusu saa, uso mwekundu, kuwashwa, na jodari: hiyo ni histamini. Samaki wa jamii ya jodari na vibua akikaa juani au kwenye chombo bila barafu, bakteria wanaigeuza sehemu ya protini ya nyama yake kuwa histamini. Ikishajengeka, kukaanga hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Dawa za aleji ndizo zinazotuliza, ndiyo maana watu wanaambiwa wana aleji na wanaacha samaki bure. Ukiweza kula jodari mwingine, mbichi kutoka barafuni, na usipate kitu, basi tatizo lilikuwa lile pande na si wewe. Ila kama ulibanwa na pumzi au ulivimba midomo usijijaribie nyumbani, nenda ukapimwe kwanza.

#19 ngalawa_ya_mchana

Pumzi haikubana. Ahsante. Na wale waliokufa kwa kula kasa kule Kisiwa Panza, nao ni joto?

#20 kipimajoto_mfukoni

Hapana, na ni vizuri umeuliza kwa sababu wanafunzi huchanganya. Ilikuwa Machi 2024, walikufa watu 9, na 8 kati yao watoto. Sumu ya kasa iko kwenye nyama yenyewe tangu yuko baharini, inadhaniwa inatokana na anachokula. Haihusiani na chakula kukaa kati ya nyuzi 5 na 60. Ungempika mara tu baada ya kumchinja, ukamchemsha kutwa nzima, ni ile ile. Ukikuta swali la kasa kwenye mtihani usilitafutie kibao wala friji.

#21 Mbweni_mwaka_wa_pili

Tukirudi kwenye swali, mbona hakuna aliyezungumzia D ya pili, vibao tofauti? Kwetu mwalimu anapenda sana uchafuzi wa mbichi kwenda kwenye kilichoiva.

#22 Mtoto_wa_Darajani

Kibao kinahusu nini hapa? Nyama imepikwa baadaye, moto umeshaua. Na kama ni kachumbari, ina ndimu na pilipili, hakuna mdudu anayebaki.

#23 kipimajoto_mfukoni

La kwanza sawa, la pili sivyo.

Kibao si tatizo la pilau hii kwa sababu kila kitu kilichopita kibaoni kilikwenda jikoni baadaye, na tatizo lilianzia kwenye spora zilizovuka moto. Vibao vinaingia pale kilichopita kibaoni hakipiti tena motoni. Na mfano wake ni hiyo kachumbari unayoisifia. Mtu anakata kuku mbichi, anakimwagia kibao maji ya ndoo, anakifuta kwa kanga, anakatia nyanya na vitunguu. Kuku ataiva, kachumbari haitaiva. Kilichotoka kwa kuku kinabaki kwenye nyanya. Ndimu inazubaisha, haiui kwa dakika chache hizo kabla ya kuletwa mezani. Na kumwaga maji juu ya kuku mbichi kunarusha matone mpaka kwenye mwiko na kisu cha jirani.

Dalili zake pia zingekuwa nyingine. Ingekuwa kachumbari na salmonela, ungesikia homa, na watu wangeanza Jumapili zaidi kuliko usiku wa Jumamosi. Ingekuwa kampilobakta, siku mbili hadi tano, harusi imeshasahaulika na hakuna anayeunganisha. Tena hapo waliokula pilau bila kachumbari wangekuwa wazima. Swali likikupa orodha ya nani kala nini, hicho ndicho cha kukitafuta.

#24 bintiWete

Ahsanteni sana, nimenakili mengi. Nina moja linalonisumbua. Ukanda wa hatari, yaani joto ambalo vimelea huzaliana, kila kitabu kinasema lake. Kimoja 5 hadi 60, kingine 5 hadi 63, kingine 57, kingine kinaanzia 4. Nikiulizwa niandike ipi?

#25 kipimajoto_mfukoni

5 hadi 60 ni ya Shirika la Afya Duniani, na ndiyo wengi wanayofundisha kwetu. 63 ni ya sheria ya Uingereza kwa chakula kinachowekwa cha moto. 57 ni ya kanuni za chakula za Marekani, na 4 ni nyuzi 40 za Farenhaiti, ambazo Wamarekani huwapa watu wa majumbani, zikiwa zimetafsiriwa kutoka kipimo chao. Andika ya mwalimu wako. Sijaona swali la haki linaloning'inia kwenye tofauti ya nyuzi tatu.

Kilicho na faida zaidi ni kanuni ya kupooza, kwa sababu ndiyo C yenyewe. Wamarekani wanasema kutoka 57 hadi 21 isizidi saa mbili, kisha kutoka 21 hadi 5 isizidi saa nne nyingine. Hatua ya kwanza wameipa muda mfupi kwa sababu humo ndimo vimelea vinakimbia. Sasa jiulize, jikoni Wete au Mjini, joto la chumba mwezi wa Februari ni ngapi? Karibu 30, na jiko likiwaka ni zaidi. Jungu litakaa mezani mpaka kiama halitafika 21, kwa sababu hewa yenyewe haiko 21. Mwenzetu wa nchi ya baridi anaweza kusahau sufuria dirishani na ikapoa. Hapa bila barafu au friji hatua ya kwanza haipiti kabisa. Kwa hiyo "kuacha ipoe kwanza ndio niitie frijini", ambayo kila mtu anaifanya, kwa jungu kubwa ni kuipeleka pilau kwenye nyuzi 46 na kuikalisha hapo.

#26 BiMpishi_wa_Shughuli

Basi tufanyeje sisi? Friji ya kuingia jungu hatuna.

#27 kipimajoto_mfukoni

Kwanza, kama unaweza kuamka saa 9 usiku ukapika pilau iive saa 4 asubuhi, pika, ukaiweka juu ya makaa mpaka wakati wa kupakua. Hiyo haihitaji friji wala barafu. Kipimajoto cha sindano kitie ubavuni na kati, pote pasome zaidi ya 60.

Ikibidi ipikwe usiku na moto hauwezi kulindwa, ipakue ikiwa ingali ya moto kwenye masinia mapana, kina kisizidi vidole vitatu, kila moja uliweke juu ya sinia la barafu, upepee. Usifunike kwa mfuniko wa kubana mpaka ipoe, mvuke unarudi. Chandarua chepesi cha inzi kinatosha. Kisha friji au madeli yenye barafu, ikiwa katika visinia hivyo hivyo vya kina kifupi. Asubuhi pasha kidogo kidogo kama ulivyosema mwenyewe, na supu.

Na kama umeamka umekuta makaa ni jivu na hujui yalizimika saa ngapi, hapo mie ningeimwaga. Najua ni pilau ya harusi na najua utaniona mwendawazimu.

#28 BiMpishi_wa_Shughuli

Kuimwaga tutafukuzwa mjini. Lakini la kuamka saa 9 nimelishika, tutalijadili na wenzangu.

#29 bintiWete

Nimejaribu kuliandika swali upya ili mapacha watengane, mniambie kama limefungika. Mwanzo uko vile vile, nimeongeza mwisho:

> ...Choo cha wagonjwa wanne kilikuwa na spora za kimelea kisichopenda hewa zaidi ya milioni moja kwa gramu. Kiporo kilikuwa na kimelea hicho hicho zaidi ya laki moja kwa gramu.

#30 maabara_Chake

Limefungika. "Kisichopenda hewa" peke yake kinaiondoa basilasi, yenyewe inaota na hewa bila tabu. Ungetaka kuwatesa zaidi ungeyatoa maneno hayo ukabakisha hesabu tu.

#31 Mtoto_wa_Darajani

Sasa mmelifanya jepesi, hata mie nimepata. Rudisheni lile la mwanzo. Na swali la pili bado ni B.

#32 Mbweni_mwaka_wa_pili

C.